Jicho la pili kabla ya saini au baada yake? Ulinganisho kwa ofisi ndogo ya ukaguzi

Ofisi yetu ina washirika wawili, waandamizi watatu na vijana wanne wa mafunzo. Kwa mwaka tunasaini ripoti 38 hivi: maduka ya vifaa vya ujenzi, shule binafsi, asasi zinazopokea fedha za wafadhili, hoteli moja na SACCOS mbili. Viwango vipya vya ubora vilipoanza kutumika, tuliandika kwenye mwongozo wetu kwamba kila kazi ya ukaguzi itahakikiwa na mshirika wa pili kabla ya saini. Sentensi ilipendeza. Ilipofika Machi mwishoni, mimi nilikuwa nahakiki mafaili ya mwenzangu saa tatu usiku na yeye anahakiki yangu, fomu moja ile ile, alama za vyema mstari kwa mstari, bila swali hata moja. Mwaka uliofuata tuliifuta ile sentensi, na nusura tuandike kinyume chake: kwamba kwa kuwa hatuna mteja aliyeorodheshwa kwenye soko la hisa, uhakiki wa namna hiyo hautuhusu.

Sentensi zote mbili zilikuwa na kosa lilelile. Tulikuwa tunachagua njia kabla ya kujua tunakinga hatari gani.

Tuanze na kutenganisha vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Desemba 2020 bodi ya kimataifa ya viwango vya ukaguzi, IAASB, ilitoa ISQM 1 na ISQM 2. Kiwango cha kwanza kinahusu usimamizi wa ubora wa ofisi nzima: mnapokeaje wateja, mnalindaje uhuru wenu, nani anafundishwa nini, kazi inasimamiwaje, na mnajuaje kwamba mambo yanakwenda mlivyopanga. Kilitaka mfumo huo uwe umesimikwa kufikia tarehe 15 Desemba 2022, na kinamhusu hata mkaguzi aliye peke yake na karani mmoja. Kiwango cha pili kinahusu kitu kimoja tu, nacho ni uhakiki wa ubora wa kazi moja moja, unaofanywa na mtu asiye kwenye timu, kabla ripoti haijapewa tarehe. Mtu akiuliza achague uhakiki au usimamizi wa ubora, ni kama kuuliza achague sufuria au jiko. Usimamizi wa ubora hauchaguliwi, ni lazima. Linalochaguliwa ni iwapo, ndani ya mfumo huo, uhakiki kamili ndio jibu la hatari uliyonayo, na kwa kazi ipi.

Lazima ya uhakiki inakuja kwa milango mitatu: mteja ameorodheshwa kwenye soko la hisa; sheria au msimamizi wa sekta yake anadai; au ofisi yenyewe imepima hatari na kuona kwamba uhakiki ndio dawa inayofaa. Kwa ofisi ndogo mlango wa kwanza kwa kawaida umefungwa. Wa pili unahitaji kusoma masharti ya anayemsimamia mteja, iwe benki kuu, tume ya ushirika au mfadhili, na kuyasoma upya kila mwaka. Wa tatu ndio wenye kazi, na ndio unaoachwa wazi bila mlinzi.

Kwa mlango huo wa tatu ofisi kama yetu ina njia tatu za kuleta jicho jingine. Kuna uhakiki kamili kabla ya saini. Kuna mapitio ya jambo moja kabla ya saini, ambayo ISQM 1 inayakubali waziwazi: mtu mwenye ujuzi anaangalia uamuzi mmoja mgumu badala ya kazi nzima. Na kuna kufungua mafaili baada ya kazi kwisha, ambayo ni sehemu ya ufuatiliaji. Tumezitumia zote tatu, na tofauti zake ninaweza kuzieleza vizuri zaidi kwa kesi moja ya SACCOS.

SACCOS na orodha ya mikopo 41

Mteja ana wanachama wapatao 1,900 na mikopo ya shilingi bilioni 3.2. Mwaka unafungwa 31 Desemba. Vitabu vilionyesha mikopo chechefu ya shilingi milioni 128, yaani asilimia 4, na ziada ya mwaka ya milioni 110. Bodi ilikuwa imeshapanga kupendekeza gawio la milioni 80 kwenye mkutano mkuu wa Aprili. Kizingiti chetu cha ukubwa wa kosa, kile ambacho kosa likikivuka linaweza kubadilisha uamuzi wa msomaji wa hesabu, tulikiweka milioni 30.

Mimi ndiye niliyekuwa nasaini. Kwa kuwa ni akiba za watu wengi, na tengo la mikopo, yaani kiasi kinachotengwa kwa mikopo ambayo huenda isilipwe, linategemea makadirio, tuliamua kazi hii ihakikiwe kikamilifu. Mwenzangu alikuwa amesaini SACCOS hiyo mwaka uliotangulia, kwa hiyo hakuruhusiwa. ISQM 2 inasema mshirika aliyesaini hawezi kuwa mhakiki wa mteja huyo mpaka ipite miaka miwili, au zaidi kama kanuni za maadili zinadai. Tukamwomba mama mmoja mkaguzi, mwenye ofisi yake mkoa wa jirani na aliyewahi kukagua taasisi za mikopo kwa miaka mingi. Barua ya kumteua aliisaini mwenzangu. Ningeisaini mimi ningekuwa najichagulia mtu wa kunipima. Kiwango kinatambua kwamba kwa mkaguzi aliye peke yake hilo halikwepeki, ila palipo na mtu mwingine, mtumie.

Alikuja mara tatu, jumla ya saa 14. Mara ya kwanza ilikuwa kabla hatujaanza kazi ya uwandani. Alisoma mpango wetu na matokeo ya ufuatiliaji wetu wa mwaka uliopita, kisha akauliza swali moja: "Mikopo iliyopangwa upya mmeiweka wapi?" Tulikuwa tumeitaja, lakini si kama hatari kubwa. Hakutuambia tuibadilishe. Aliandika swali na tarehe, akaenda zake.

Mara ya pili alikuja Machi katikati na akakaa saa nane. Mwandamizi wetu alimwekea karatasi za kazi mezani, zimepangwa vizuri: mikopo 41 iliyopangwa upya Novemba na Desemba, jumla milioni 290, mikataba mipya imeonekana, saini zimeonekana, kila mkopo umehesabiwa kuwa hai. Alisoma kimya, halafu akamwita.

"Mwanangu, hii orodha mmepewa na nani?"

"Meneja wa mikopo, Mama."

"Na malipo baada ya kupangwa upya mmeyaona wapi?"

"Mikataba inaonyesha rejesho la kwanza Januari, Mama."

"Sikuuliza mkataba unasemaje. Nauliza kama limelipwa."

Hakufungua mfumo wa SACCOS wala kumpigia meneja simu. Hapo ndipo wengi wanapokosea, wakidhani mhakiki anakuja kukagua upya. Akianza kukusanya ushahidi mwenyewe anakuwa mmoja wa timu, na uhakiki umekufa. Kazi yake ni kuangalia maamuzi mazito tuliyofanya, kupima kama msingi wake unaonekana kwenye faili na kama tulihoji vya kutosha, na kurudisha swali kwetu.

Tulirudi uwandani siku mbili. Mikopo 26 kati ya ile 41, yenye jumla ya milioni 185, ilikuwa na madeni ya zaidi ya siku 90 kabla ya kupangwa upya, na hadi katikati ya Machi haikuwa imelipa hata rejesho moja. Ukiijumlisha, mikopo chechefu inapanda kutoka milioni 128 hadi 313, karibu asilimia 10 ya mikopo yote. Kwa kiwango cha tengo cha asilimia 50 ambacho SACCOS yenyewe ilikuwa inakitumia kwa kundi hilo, pengo ni milioni 92.5, mara tatu ya kizingiti chetu. Ziada ikashuka hadi milioni 17.5. Bodi ilikasirika, ikabishana kwa wiki moja, mwishowe ikarekebisha hesabu. Lile gawio la milioni 80 halikufika kwenye mkutano mkuu.

Mara ya tatu, saa tatu za mwisho, alisoma hesabu zilizorekebishwa na rasimu ya ripoti. Akauliza pia nani aliandaa hesabu zile, maana vijana wetu walikuwa wamemsaidia mhasibu wa SACCOS kupanga majedwali. Ilibidi tuonyeshe kwenye faili nani aliamua nini, na kwa nini tuliona uhuru wetu haujaguswa. Akaandika kwamba amemaliza, tarehe 4 Aprili. Ripoti ikapewa tarehe 5. Utaratibu huo haupindishwi: mshirika haruhusiwi kuiwekea ripoti tarehe mpaka mhakiki amjulishe kwamba amemaliza. Na baada ya yote hayo, dhamana ya ripoti ilibaki kwangu, siyo kwake.

Njia nyingine mbili zingeona nini?

Tuseme badala ya uhakiki kamili tungechagua mapitio ya jambo moja. Ningempelekea mtu anayejua tengo za mikopo swali hili: je, asilimia 50 inatosha kwa kundi hili? Angeangalia historia ya makusanyo na pengine angejibu kwamba inatosha, na jibu lingekuwa sahihi kabisa. Kosa halikuwa kwenye kiwango. Lilikuwa kwenye orodha, na orodha sikuwa nimeiulizia. Mapitio ya jambo moja yanajibu swali ulilolileta. Mhakiki kamili anachagua maswali yake mwenyewe. Kwangu hii ndiyo tofauti kubwa kuliko zote, na ndiyo inayohalalisha gharama. Kama unajua jambo gumu liko wapi, lipia jibu la jambo hilo tu. Kama unaogopa kwamba jambo gumu liko mahali ambapo hujatazama, mapitio ya jambo moja hayatakusaidia.

Na kama tungetegemea kufungua faili baada ya kazi kwisha? Sisi huyafungua Agosti. Yeyote makini angeliona lile shimo: orodha ya meneja, hakuna ushahidi wa malipo. Lakini gawio lingekuwa limelipwa tangu Aprili, na ripoti yetu yenye hati safi ingekuwa imeshasambazwa kwa wanachama.

Ukiishia hapo utadhani uhakiki kamili unashinda daima. Subiri habari ya maduka ya vifaa vya ujenzi.

Agosti ya mwaka mmoja tulifungua mafaili matano yaliyokwisha, mengi yakiwa ya maduka hayo. Matatu yalikuwa na udhaifu mmoja: mali iliyopo dukani ilikuwa kubwa, lakini hatukuhudhuria kuihesabu 31 Desemba. Vijana walihesabu Februari wakarudi nyuma kwa karatasi, na hesabu za kurudi nyuma zilikuwa dhaifu. Sasa fikiria mafaili hayo yangehakikiwa kabla ya saini. Mhakiki angelifumania tatizo Machi, angesema kweli, na sisi tungebaki kuangaliana, kwa sababu Machi huwezi kurudi dukani 31 Desemba kuhesabu mifuko ya saruji. Angetulazimisha kutoa hati yenye shaka, pengine kwa haki, lakini mwakani jambo lilelile lingejirudia.

Tulipotafuta chanzo tuliona si uzembe wa mtu. Wateja wote wa maduka wanahesabu siku zile zile mbili, na sisi nusu ya ofisi iko likizo ya mwisho wa mwaka. Dawa ikawa kwenye mfumo. Sasa barua ya kukubali kazi inayotoka Oktoba inamtaka mteja ataje siku na saa ya kuhesabu. Tunaziandika kwenye kalenda moja ukutani. Mteja asiyeweza kubadilisha siku tunamkubalia mapema au tunamwambia mapema kwamba hatutamudu. Likizo za Desemba zinagawanywa kwa zamu. Agosti iliyofuata tulifungua mafaili mengine ya maduka kuona kama dawa imefanya kazi. Faili moja bado lilikuwa na kasoro, la mteja tuliyempokea Januari, baada ya kuhesabu kwisha. Swali hilo sasa limo kwenye fomu ya kupokea wateja.

Ugonjwa unaojirudia kwenye mafaili mengi hautibiwi na uhakiki wa kazi moja moja. Unatibiwa na ufuatiliaji, kwa kuwa ndio pekee unaokulazimisha kuuliza kwa nini. Na ISQM 1 haimsamehe mtu kwenye hili: kila mshirika anayesaini lazima angalau kazi yake moja iliyokwisha ifunguliwe katika kila mzunguko ambao ofisi imejiwekea. Kila mwaka pia aliyebeba dhamana ya mwisho ya mfumo anapaswa kutoa hitimisho: mfumo unaaminika, unaaminika isipokuwa mahali fulani, au hauaminiki.

Mapitio ya jambo moja yametufaa zaidi kwenye shule. Tuna shule saba, na zote zina swali lilelile la ada zilizolipwa Desemba kwa muhula wa Januari. Mwenzangu analijua jambo hilo kuliko mimi. Kwa kila shule ninayosaini anaangalia karatasi ya ada tu, saa moja, anaandika alichokiona na jina lake. Uhakiki kamili hapo ungekuwa kuajiri winchi kuinua ndoo.

Kwa ufupi, ubavu kwa ubavu

| | Uhakiki kamili | Mapitio ya jambo moja | Kufungua mafaili yaliyokwisha |
|---|---|---|---|
| Lini | Tangu kupanga hadi kabla ya tarehe ya ripoti | Kabla ya saini, hatua moja | Baada ya kazi kwisha |
| Nani anachagua swali | Mhakiki | Timu au ofisi | Anayefungua faili |
| Linaloweza kuokolewa | Ripoti hii | Uamuzi huu mmoja | Ripoti zijazo |
| Muda kwetu | Saa 12 hadi 16 | Saa 1 hadi 4 | Siku moja kwa faili |
| Hatari yake kubwa | Kugeuka fomu ya alama za vyema | Swali lisilo sahihi | Kuchelewa |

Hesabu ya macho

Jedwali kama hilo linaficha kinachoiumiza ofisi ndogo kuliko ada, nacho ni uhaba wa macho ambayo hayajagusa faili. Kila unapomtumia mtu mahali pamoja, unampoteza mahali pengine.

Chukua ofisi yetu: mimi, mwenzangu, na yule mama wa mkoa wa jirani. Mwenzangu akihakiki kazi yangu kabla ya saini, hawezi kulifungua faili hilo Agosti, kwa kuwa ISQM 1 inawazuia waliokuwa kwenye timu na aliyehakiki kazi hiyo. Aliyefanya mapitio ya jambo moja hatajwi katika zuio hilo, lakini kiwango kinataka anayefuatilia awe huru kusema ukweli, na mtu aliyeandika "nimekubali" mwezi Machi hapendi kuandika "tulikosea" mwezi Agosti. Kwa hiyo karatasi za ada za shule zangu hafungui mwenzangu.

Tukimtumia yule mama kuhakiki SACCOS, mwenzangu anabaki safi na anaweza kulifungua faili hilo baadaye. Tukimtumia mwenzangu kuhakiki, basi mgeni ndiye atakayefungua. Jicho la nje utalilipia tu. Unachochagua ni lini. Isipokuwa kwamba kufungua mafaili ni kwa mzunguko, si kila faili kila mwaka, kwa hiyo jicho la nje linalokuja baada ya kazi linaweza kuja mara chache zaidi. Ofisi ambayo hatari yake kubwa ni magonjwa yanayojirudia itafanya vizuri kumtumia mgeni huko. Sisi tuna SACCOS mbili zenye makadirio magumu, kwa hiyo tunamleta kabla.

Halafu kuna mtego wa kubadilishana saini. Washirika wawili wanasema: mwaka huu nasaini mimi wewe unahakiki, mwakani tunageuza. Inaonekana ni haki, na ni kosa, kwa sababu ya ile miaka miwili. Anayetoka kwenye saini hawezi kuingia kwenye uhakiki wa mteja yuleyule mwaka unaofuata. Kama mnataka kubadilisha saini ya mteja anayehakikiwa, pangeni mhakiki wa nje wa kuziba miaka hiyo kabla hamjabadilisha.

Jambo jingine dogo linaloharibu macho ni mazungumzo. Ukimwita mhakiki wako kila unapokwama na kumwuliza "tufanyeje", baada ya mara tatu uamuzi unakuwa wake, na hawezi tena kuupima. Sisi tulijiwekea mpaka: timu inaandika uamuzi wake na sababu, ndipo inampelekea. Ushauri wa kabla ya uamuzi tunautafuta kwa mtu mwingine.

Ukiwa peke yako

Mkaguzi wa pekee hana mwenza wa kufungua faili lake, na hawezi kulifungua mwenyewe. Hapo wengi hufanya mapatano na ofisi nyingine ya ukubwa wao: wewe angalia yangu, mimi niangalie yako. Inaruhusiwa, na ni nafuu. Hatari yake ni nipe nikupe, kwamba mwaka huu nakufunika ili mwakani unifunike. Dawa tuliyoiona ikifanya kazi ni ofisi tatu kuzunguka, A anaangalia B, B anaangalia C, C anaangalia A, ili asiwepo anayempima aliyempima.

Mapatano yaandikwe. Yaseme siri za mteja zinalindwaje na kama barua ya mteja inaruhusu mtu wa nje kuona faili. Malipo ni kwa muda, siyo kwa matokeo. Anayekuja hatamchukua mteja huyo kwa muda mliokubaliana. Na atapewa karatasi siku ngapi kabla. Hili la mwisho linadharauliwa. Mhakiki aliyepewa faili Ijumaa jioni kwa ripoti ya Jumatatu hana muda wa kutosha, na muda wa kutosha ni sharti la kustahili kuhakiki, sawa na ujuzi na mamlaka ya kusema hapana.

Utamtambuaje mhakiki wa jina tu

Watu wa NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi ya Tanzania, wakija kukagua ubora wa ofisi, au wa ICPAK, taasisi ya wahasibu ya Kenya, kwa walio huko, hawaanzi na fomu yako. Wanaweza kuanza na tarehe. Ripoti ina tarehe 28 Machi, mhakiki amemaliza 2 Aprili: kesi imekwisha. Tarehe zote za mhakiki zikiwa siku moja na ripoti, wanajua hakushirikishwa tangu kupanga. Kisha wanatafuta karatasi alizozisoma, ambazo faili linapaswa kuzitaja, pamoja na jina lake na la msaidizi wake kama alikuwa naye. Halafu wanatafuta swali lililorudi kwa timu na jibu lake. Faili la SACCOS lisilo na swali hata moja kutoka kwa mhakiki linanitia shaka kuliko lenye maswali 20, na mwongozo ulionunuliwa ukiwa bado na jina la ofisi ya nchi nyingine kwenye kichwa cha ukurasa hausaidii.

Mkutano wetu wa kupanga mwaka huu ulichukua asubuhi moja. Tulipitia wateja 38 na kwa kila mmoja tukauliza: kitu gani hapa kinaweza kutufanya tutoe ripoti isiyo sahihi, na nani angekiona kwa wakati? SACCOS mbili na asasi moja iliyogombana na mkaguzi wake wa zamani kabla ya kuja kwetu zikapata uhakiki kamili. Shule saba zitaangaliwa karatasi ya ada, na hoteli itaangaliwa jambo moja, mkopo wake wa dola. Agosti tutafungua mafaili manne, mawili kwa kila mshirika, moja kati yake la mteja mpya. Wengine 27 watasimamiwa kwa njia ya kawaida, mshirika akisoma karatasi zake kwa wakati. Sentensi ya mwongozo sasa inasomeka hivi: "Kila Septemba washirika watapima hatari za kila kazi na kuandika ni ipi itahakikiwa kikamilifu, ipi itaangaliwa jambo moja, kwa sababu gani, na nani, baada ya kuthibitisha kwamba mtu huyo hajagusa kazi hiyo wala hakuisaini ndani ya miaka miwili."